Maji ya sufuria ya presha si maji ya mbabula

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanamemba wa Masisi na Walikale

 

Komite ilituomba sisi wa kikundi cha jikoni tuzungumze juu ya swali moja ambalo limekuja katika mikutano mitatu sasa. Wengi wetu tumerudi na ile sufuria ya kufunga, ile wanaita kokoti, na wengine wako na ile ya umeme waliyozoea kuipikia Goma. Lakini mtu anachukua kipimo chake cha maharagi ya siku zote, kile cha mbabula, anakimwaga ndani ya kokoti, anafunga. Mambo mawili yanatokea. Ama anafungua na kukuta maharagi yanaogelea, maji meupe, ladha hakuna. Ama anaogopa, anapunguza maji kwa kubahatisha, na chini kunaungua. Kilo ya maharagi imepotea, na makala iliyochomwa hairudi.

Basi leo tunazungumza maji tu. Mambo ya viungo kila mtu ako na mama yake aliyemufundisha.

Neno la kwanza ni hili: maji unayoweka katika mchuzi yanaenda njia tatu. Kuna maji ambayo chakula kinakunywa. Kuna maji ambayo yanabaki kuwa mchuzi, ndiyo tunachovya bugali. Na kuna maji ambayo yanatoroka juu kama mvuke, yanaenda kulowesha paa la nyumba. Juu ya mbabula njia ya tatu ndiyo kubwa kupita zote. Katika sufuria ya presha inakuwa ndogo sana. Lakini mbili za kwanza hazibadiliki: haragi litakunywa kile linachokunywa, na watoto wanataka mchuzi uleule. Kwa hiyo usiseme "nitapunguza nusu" au "nitapunguza robo" kwa kila kitu. Tafuta ni kiasi gani kilikuwa kinatoroka, hicho ndicho unaondoa.

Tulipima wenyewe, na hapa tunawapa hesabu yote. Kikombe chetu ni cha robo litri, vinne vinafanya litri moja. Tulichukua maharagi kilo moja kasoro robo, yaani gramu 750, tukayalowesha usiku mzima. Asubuhi tulimwaga yale maji ya kulowesha. Maharagi yalikuwa yamekunywa maji karibu sawa na uzito wake, yamefika kama kilo moja na nusu. Hayo maji ya usiku tusiyahesabu tena, yako tayari ndani ya haragi.

Tukapika juu ya mbabula, kifuniko kimelazwa tu juu yake kama kawaida, saa mbili na zaidi. Kila kikombe kilichoingia tuliweka kokoto moja pembeni. Tuliyaanzisha na vikombe kumi, halafu tukaongeza mara mbili, vikombe viwili viwili. Mwisho tulikuwa na kokoto kumi na nne. Yalipoiva tulichuja mchuzi, tukapata vikombe vitatu. Maharagi yenyewe, tukilinganisha uzito wake wa asubuhi na uzito wake yakiwa yameiva, yalikuwa yamekunywa kikombe kimoja hivi zaidi. Moja na tatu ni nne. Kumi vilienda na mvuke. Litri mbili na nusu! Na kila tone la yale maji lilichemshwa na makala tuliyonunua.

Sasa tukaja kwenye sufuria ya umeme ya presha, ya litri sita. Kabla ya kuweka chakula tulifanya jaribio ambalo tunaomba kila mwenye sufuria alifanye nyumbani, juu hakuna sufuria mbili zinazofanana. Weka vikombe vinne vya maji matupu, funga, pika dakika zilezile ambazo ungepika maharagi, acha ipoe yenyewe mpaka kile kidude cha presha kishuke, fungua, pima tena. Kinachopungua ndicho kinachotoroka kwako. Yetu ya umeme ilipunguza chini ya nusu kikombe. Inajizima yenyewe presha ikifika, inawaka kidogo ikishuka, kwa hiyo mvuke hauna sababu ya kutoka.

Hesabu ikawa rahisi: kikombe kimoja cha kunywa, vitatu vya mchuzi, nusu ya kutoroka. Vikombe vinne na nusu, mahali pa kumi na vinne. Ukitazama ndani, maji yanafunika maharagi kwa urefu wa kidole kimoja kilicholazwa. Hiyo ni alama nzuri kwa asiye na kipimo, lakini ni ya maharagi yaliyolowa tu. Makavu yatayakunywa maji yote hayo na kuendelea kutafuta mengine. Ukipika makavu, ongeza yale ya usiku, vikombe vitatu, na muda wake ni mrefu zaidi.

Kokoti ya kuweka juu ya mbabula ni habari nyingine kidogo. Makala haina kifungo cha kupunguza. Presha ikifika, kile kizito cha juu kinaanza kupiga kelele, mvuke unatoka, na utaendelea kutoka muda wote moto uko mkali. Tulipoacha makala yote chini, jaribio la maji matupu lilitutolea zaidi ya vikombe viwili. Tulipotoa makala nusu na kuyaweka pembeni mara tu kizito kilipoanza kucheza, kilichotoka kilikuwa kikombe kimoja na nusu. Kwa hiyo kwa maharagi yaleyale tunahesabu moja, tatu, na moja na nusu: vikombe vitano na nusu. Kizito kicheze polepole, kitoe pumzi kidogo kidogo. Kikilia bila kupumzika, unachoma makala kufukuza maji yako.

Na kama mpira wa kifuniko umechoka, utaona mvuke unatoka pembeni kuzunguka mdomo wa sufuria, na kile kidude hakipandi. Hapo usiongeze maji kufidia. Sufuria ya namna hiyo haiko sufuria ya presha tena, ni sufuria ya kawaida yenye kifuniko kizito, na maji yatakwisha bila wewe kuona juu huwezi kufunua. Badilisha mpira kwanza.

Kuna kipimo cha juu pia, na hicho hatukichezei. Maharagi yanatoa povu na yanavimba. Yote pamoja, maharagi na maji, yasipite nusu ya sufuria. Katika litri sita, nusu ni litri tatu, na ndiyo maana tulichukua gramu 750 na si kilo. Ukiweka kilo nzima na maji yake, unapita ule mstari, povu linapanda, linaziba kitundu cha mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta ya mawese kinatuliza povu, tunakiweka tangu mwanzo. Lakini mafuta si maji. Hayafanyi mvuke. Tumesikia mtu akisema "nimetia mafuta mengi, basi maji kidogo yatatosha". Hapana. Hata mafuta mazuri ya kutoka Walikale hayapandishi presha. Na kabla ya kila pishi tazama kile kitundu kwenye mwanga, kama unaona upande wa pili.

Tomati, kitunguu na chumvi tunaviweka kisha kufungua. Tomati ya kopo ikiwa nzito inashuka chini na kushika, na sufuria ya umeme ikihisi chini kumepita moto inajizima kabla chakula kuiva. Ukitaka kukaanga kitunguu kwanza ndani yake, kaanga, lakini kisha mwaga kikombe cha maji na ukwangue chini kwa mwiko wa mti mpaka pawe safi, ndipo uweke mengine.

Ndugu mmoja wa kutoka Kitchanga alituuliza: mbona dada yake wa Walikale anatumia maji kidogo kuliko yeye kwa maharagi yaleyale, na yote mawili ni juu ya mbabula? Swali zuri sana. Kule juu ya milima ya Masisi, kwenye mita 2,000, maji yanachemka kama kwenye digrii 93. Walikale iko chini sana, ndani ya msitu, maji yanachemka karibu na 97. Macho yanaona mchemko uleule, lakini wa Masisi hauna joto la kutosha, maharagi yanachelewa kuiva, na muda wote huo maji yanatoroka. Ndani ya sufuria ya presha joto linapita digrii 100 huku na huku. Tofauti ya maji kati ya Masisi na Walikale inakwisha kabisa, kinachobaki ni dakika. Maharagi yaliyolowa, sisi tunayapa dakika 25 tangu presha ifike, halafu tunaacha ipoe yenyewe robo saa. Kwa walio juu zaidi, ongeza dakika tano. Maji usiongeze kwa sababu ya mlima.

Nyama inakwenda kinyume na haragi, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Haragi linakunywa, nyama inatoa. Kilo ya nyama ya mbuzi au ya ng'ombe ikiiva inaachilia maji yake kama kikombe kizima. Tomati nne na vitunguu viwili navyo ni karibu maji matupu. Juu ya mbabula ulikuwa unaweka vikombe sita na kuona mchuzi mzito mwishoni, juu vingi vilikwenda. Katika ya umeme weka kikombe kimoja, kwa ya makala viwili. Utaona nyama imejitokeza juu ya maji, na moyo utakuambia uongeze. Usiongeze. Nyama haihitaji kufunikwa na maji, mvuke ndio unaipika. Lakini usishuke chini ya kikombe kimoja hata kama tomati ni nyingi, juu sufuria inahitaji maji ya wazi chini yake ili ifanye presha, na tomati inatoa yake kwa kuchelewa. Kitabu cha sufuria kikisema kiasi kingine cha chini kabisa, fuata kitabu.

Sasa ukifungua na kukuta mchuzi mwingi, si mwisho wa dunia. Acha kifuniko wazi, washa tena, chemsha dakika kumi. Kwa maharagi chukua upawa mmoja, yaponde na mwiko, rudisha, mchuzi utashika. Chumvi onja kisha hapo, si mbele, juu chumvi haitoroki na mvuke. Na ukisikia harufu ya kuungua kabla ya kufungua, toa sufuria kwenye moto, usifungue kwa nguvu, usimwagie maji baridi ndani. Subiri kile kidude kishuke chenyewe. Chakula cha juu mara nyingi kinaokoka ukikihamisha bila kukwangua chini.

Tuje kwa kupika polepole. Ile sufuria ya umeme ya kupika siku nzima wachache wako nayo, na inataka umeme usiokatika. Goma kuna umeme wa Matebe, kile kituo cha Rutshuru kilichofunguliwa 2015, lakini vijiji vyetu vingi havina. Kwetu kazi ileile inafanywa na kikapu: kikapu kikubwa kilichojazwa nguo kuukuu, blanketi au majani makavu ya ndizi, sufuria inachemshwa, inafungiwa ndani, inaiva kwa joto lake yenyewe.

Hapa mtu atasema: ndani ya kikapu hakuna mvuke unaotoka kabisa, basi tuweke maji kidogo kama kokoti, au hata chini yake. Sivyo. Katika kikapu maji yako na kazi ya pili. Ndiyo yanabeba joto. Sufuria iliyojaa inakaa na moto masaa, sufuria yenye chakula kidogo chini inapoa upesi, na maharagi yanabaki magumu katikati. Na tena hatuendi kikapuni na maharagi mabichi. Maharagi mekundu yako na sumu ndani yake ambayo inakufa kwa kuchemka sawasawa, na joto la vuguvugu haliiui. Mtu anatapika na kuumwa tumbo, na atasema ni mafuta. Kwa hiyo kwanza chemsha kwa nguvu nusu saa nzima juu ya mbabula, huku kwetu juu tusipunguze hata dakika. Ndipo kikapuni, masaa matatu au manne. Ndipo urudishe motoni yachemke tena kabla ya kula.

Hesabu yake kwa yale maharagi ya gramu 750: kimoja cha kunywa, vitatu vya mchuzi, viwili vinavyotoroka katika ile nusu saa, kimoja kwa mchemko wa mwisho. Vikombe saba. Ni nusu ya mbabula, lakini ni zaidi ya kokoti. Tumia sufuria ndogo, ya litri nne, ili ijae vizuri, usichukue ile ya litri sita ikabaki nusu tupu. Ukifungua kikapu na kidole kinaweza kukaa ndani ya mchuzi bila kuungua, joto lilitoroka: rudisha motoni mara moja, na siku nyingine ongeza nguo. Kulaza chakula ndani ya kikapu mpaka asubuhi, hapana. Kinapoa na kinaharibika.

Mama mmoja aliuliza juu ya sombe, na jibu letu ni fupi. Sombe isifungwe ikiwa mbichi. Ile sumu ya majani ya muhogo inatoka ikiwa yametwangwa vizuri na kuchemshwa wazi, inaondoka na mvuke. Hapa ule mvuke tuliokuwa tunausema vibaya tangu mwanzo, tunautaka. Twanga, chemsha bila kifuniko robo saa au zaidi, halafu ukitaka, funga ili kuilainisha, na vikombe viwili vya maji kwa kilo, juu majani hayo yanakunywa na yanashika chini upesi.

Swali la mwisho lilitoka kwa wanaopikia mikutano ya mitualite. Wanazidisha maharagi mara mbili katika kokoti kubwa ya litri kumi na mbili, na wanazidisha maji mara mbili, na kila mara mchuzi unakuwa mwepesi. Ni kwa sababu kinachotoroka hakizidishwi. Kilo moja na nusu inakunywa viwili, mchuzi ni sita, lakini kizito kinapumua kiasi kilekile, moja na nusu. Vinakuwa vikombe tisa na nusu, si kumi na moja. Kwa mbabula na sufuria ya wazi ni vilevile: kinachoamua mvuke ni upana wa mdomo wa sufuria, ukali wa moto na muda, si wingi wa haragi.

Jumamosi ijayo, kisha mkutano wa akiba, tutakuwa na mizani na vikombe vya robo litri. Mwenye kokoti ailete pamoja na mpira wake tuutazame, na tufanye jaribio la maji matupu pamoja. Makala kila mtu aje na kidogo.